Thamani ya hisa ya kipaumbele

Hisa ya kipaumbele isiyo na tarehe ya kukombolewa huthaminiwa kama malipo yasiyokoma: gawio la mwaka hugawanywa kwa kiwango cha faida anachodai mwekezaji. Hisa za 7% za Kenya Power zina thamani ya kuandikwa ya Sh20, hivyo gawio ni Sh1.40. Anayedai 14% atalipa Sh10 tu, kwani 7% hukokotolewa juu ya Sh20, si bei ya soko.

Kampuni hugeuza hesabu. Tuseme inauza hisa mpya kama hiyo kwa Sh10, ikabakiwa na Sh9.50 baada ya gharama za mauzo: gharama ya mtaji ni 1.40 ÷ 9.50, takriban 14.7%. Kwa kawaida haipunguzwi na kodi kama riba, maana gawio hutoka kwenye faida iliyokwisha kutozwa kodi.