Unanunua kamba, kaa au pweza Feri? Kagua haya kabla ya kulipa

Katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi kila muuzaji atasema mzigo wake umetoka baharini usiku huohuo. Mnunuzi makini hamsikilizi sana, anaushika.

Kamba huanza kuharibika kichwani, kwa sababu utumbo wake mwingi uko humo. Mshike kiwiliwili umwinue. Kichwa kikining'inia au kuchomoka, huyo ana muda bila barafu. Weusi kichwani nao ni dalili ya kukaa, ila kichwa cheupe peke yake kisikudanganye, maana ipo dawa ya kuzuia weusi huo. Ganda liwe limebana nyama, na akinuka harufu kali kama ya mkojo, ondoka.

Halafu kuna maji. Kamba wakitolewa kwenye beseni na kutupwa moja kwa moja kwenye mzani, unanunua na maji yake. Chukulia kilo ni shilingi 20,000 na ndani yake gramu 200 ni maji: umepata gramu 800 tu, yaani kilo umeinunua kwa 25,000. Omba wachujwe kwanza ndipo wapimwe. Muuzaji akinuna, kuna meza nyingine.

Kaa ni rahisi zaidi: awe hai, basi. Akifa, nyama yake huharibika haraka na kuwa ujiuji, hata kama ganda bado linang'aa. Usimfungue kamba ya magando ili kumjaribu, utaumia. Gusa macho kwa kijiti, aliye hai atayarudisha ndani. Kisha bonyeza ganda la tumboni karibu na miguu. Likibonyea, kaa huyo amejivua ganda karibuni na ndani ana maji mengi kuliko nyama. Chagua mgumu na mzito kuliko ukubwa wake, na uangalie asifungwe kwa kamba nene iliyolowa matope, kwani nayo inapimwa.

Pweza ndiye anayewapiga wengi. Akilowekwa kwenye maji yasiyo na chumvi, hunywa maji na kuongezeka uzito. Utamjua: amevimba, amepauka, mikono inateleza na kulegea. Pweza mzuri ana rangi ya kahawia yenye madoa, ute wake ni mwangavu, na ukisugua ngozi kwa kidole haichubuki. Vile vikombe vya kunyonyea viwe imara, visitoke ukivivuta. Akisinyaa sana sufuriani usikimbilie kumlaumu muuzaji, kwani hata pweza mzuri hupungua karibu nusu akipikwa. Ukaguzi unafanyika sokoni, si jikoni.

Njoo na ndoo yenye barafu. Kamba na pweza uwazike humo mara tu ukilipa. Kaa usimtie ndani ya barafu wala maji ya bomba. Mfunike kwa gunia bichi, kivulini, afike nyumbani akiwa hai.