Kiima Kwanza: Namna ya Kuchagua Kisawe cha Kitenzi cha Kiingereza "Run"

Wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oksifodi walipokipitia upya kitenzi run, walikihesabia maana 645, na hiyo ni hesabu ya kitenzi peke yake bila nomino yake. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, tangu ile ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939 hadi ile ya TUKI ya mwaka 1996, haziwezi kubeba mzigo wa namna hiyo, kwa hiyo humpa msomaji safu ya visawe, yaani maneno ya lugha lengwa yanayokaribiana kimaana na neno la lugha chanzi, zikimwachia yeye kazi ya kuchagua. Mfasiri asiye na kanuni huanza na kukimbia, na sentensi ikikataa hushuka chini ya safu, akijaribu kimoja baada ya kingine kama mtu anayejaribisha funguo kwenye kufuli gizani. Makala haya yanatetea njia nyingine: kwamba mfasiri aanze na kiima, yaani kile kinachosemwa kuwa kimetenda, aendelee na yambwa, yaani kinachotendewa, kisha aamue kauli ya kitenzi, na kwamba run yenyewe ndiyo ya mwisho kuulizwa.

Sababu ya kuanza na kiima ni kwamba Kiingereza na Kiswahili havikuugawa mwendo kwa namna moja. Kwa Kiingereza, barabara, mto, mashine, mkataba na mwanariadha wote wanaweza kuwa kiima cha run, kwa kuwa kitenzi hicho kimekwisha kupoteza sharti la kasi na kubakiwa na wazo la kuendelea bila kukatika. Kukimbia kwa Kiswahili hakujapoteza sharti hilo. Gari linaweza kukimbia, na hata wakati husemwa kuwa unakimbia, lakini katika kila matumizi hayo msikilizaji huelewa kwamba kuna haraka. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, inatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Treni ndiyo inayoweza kukimbia juu yake, na anayeandika kwamba reli inakimbia amemwachia msomaji picha ya mataruma yaliyong'oka na kushika njia. Kwa viima visivyosogea, kama njia, ukuta, mpaka au safu ya milima, Kiswahili hutumia kuanzia, kupita, kwenda au kutoka pamoja na hadi, na mara nyingine hakihitaji kitenzi cha mwendo hata kidogo: mkataba ni wa miaka miwili, basi.

Hata pale kiima kinapokuwa mtu mwenye miguu yake, na mfasiri akadhani amefika salama, kukimbia bado kuna mtego, kwa sababu kitenzi hiki kina maana mbili za kale zinazoishi pamoja: kwenda mbio na kutoroka. Kinachozitenganisha ni yambwa. Yambwa ikiwa kipimo cha umbali, maana ni ya riadha, kama inaposemwa kwamba Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia. Yambwa ikiwa mtu, mahali au jambo la kuogopwa, maana hugeuka kuwa ya kutoroka: alikimbia vita, aliikimbia nchi, alimkimbia mumewe. Shina hilohilo limezaa mkimbiaji, ambaye hushangiliwa uwanjani, na mkimbizi, ambaye husubiri hema na chakula, na hakuna mzungumzaji anayewachanganya wawili hao. Kwa hiyo sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba mtoto alikwenda nyumbani kwa mbio haitafsiriwi kwa "mtoto alikimbia nyumbani", kwani msomaji atafahamu kwamba mtoto ametoroka kwao na huenda akaanza kuwalaumu wazazi. Inayotakiwa hapo ni kauli ya kutendea, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba tendo linaelekezwa mahali au kwa mtu fulani: mtoto alikimbilia nyumbani. Silabi moja iliyoongezwa imegeuza mwelekeo wa safari nzima. Katika Kiingereza kazi hiyo hufanywa na vijineno vinavyofuata kitenzi, na ndiyo maana mfasiri anapokutana na run iliyoandamana na kijineno cha namna hiyo, jibu huwa mara nyingi katika mnyambuliko, yaani uongezaji wa viambishi mwishoni mwa shina, kuliko katika kutafuta neno jipya.

Kauli ya kutendesha, inayoonyesha kwamba mtu amesababisha mwingine atende, ina utajiri wake. Kukimbiza ni kufukuza, lakini pia ni kupeleka kwa haraka, kama anapokimbizwa mgonjwa hospitali, na kwa Watanzania ni neno rasmi la Mwenge wa Uhuru, ambao hukimbizwa wilaya hadi wilaya. Mwenge haumtoroki mtu wala haufukuzwi na yeyote. Matumizi hayo yanaonyesha kuwa mazoea ya jamii yanaweza kukipa kisawe uhalali ambao kamusi pekee isingeutabiri.

Kutoka shina la kwenda limepatikana kuendesha, ambalo limechukua sehemu kubwa ya zile maana za run zenye kiima mtu na yambwa kitu kinachohitaji uangalizi: kuendesha duka, hoteli, mafunzo, kesi, programu ya kompyuta. Kwa kuwa neno hili linakubali mengi, wafasiri wamelizoea kupita kiasi. Meneja wa hoteli huiendesha, lakini mradi wenye fedha za mfadhili husimamiwa, na nchi huongozwa; anayeandika kwamba rais anaendesha nchi hasemi uongo, ila sentensi yake ina harufu ya usukani, na yambwa ikiwa mtu mambo huharibika zaidi, kwani kumwendesha mtu ni kumfanya afuate amri bila hiari yake. Kuna pia tumbo la kuendesha, ambalo kwa sadfa ya kuchekesha lina mwenzake katika Kiingereza, kinachoita ugonjwa huohuo kwa nomino iliyotokana na run. Huenda hapo ndipo mahali pekee ambapo lugha hizi mbili zimekutana bila kusukumwa.

Viima vya majimaji vinahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa kuwa Kiswahili hutazama wingi na tabia ya kinachotoka. Maji ya mto hutiririka, ya chemchemi hububujika, na damu ya jeraha dogo huchuruzika. Kwa Kiingereza, bomba lenyewe na pua yenyewe vinaweza kuwa kiima cha run, hali ambayo Kiswahili hakiikubali: kinachotoka ni maji, na mtu hutokwa na kamasi au machozi. Kauli ya kutendwa katika kutokwa humweka mtu kuwa kiima bila kumfanya mtendaji, na huo ni ufumbuzi ambao mfasiri anayeng'ang'ania mpangilio wa Kiingereza hataufikia, kwa sababu atakuwa bado anatafuta pua inayofanya jambo fulani. Kuhusu nguo zinazopoteza rangi zikifuliwa, mtu yeyote aliyewahi kununua kanga anajua kwamba kitenzi ni kuchuja, na hakuna haja ya kubuni kingine.

Mtindo huohuo wa kumtoa mtu katika utendaji unaonekana katika maana ya kumalizikiwa. Kitu kikiwa kiima, huisha: sukari imeisha, muda umekwisha. Mtu akiwa kiima, huishiwa: tumeishiwa sukari. Makosa hutokea mfasiri anaposhika umbo la katikati, akaandika kwamba wasafiri "waliishia mafuta", ilhali kuishia ni kufikia kikomo mahali fulani, na wasafiri hao pengine waliishia njiani kwa sababu waliishiwa mafuta.

Namna hatua hizi zinavyofanya kazi pamoja inaweza kuonekana katika aya moja iliyotungwa kwa kusudi hili, ambayo kwa Kiingereza ingekuwa na run saba. Kwa Kiswahili inasomeka hivi: "Mama mmoja anayeendesha nyumba ya wageni mjini Pangani aligombea udiwani. Jioni ya mkutano wake wa kampeni, jenereta, ambayo hutumia dizeli, iliishiwa mafuta, na kijana mmoja akakimbilia kituo kilichoko kando ya barabara inayokwenda Tanga. Mkutano uliendelea mpaka saa nne usiku." Kitenzi kimoja cha Kiingereza kimetoa vitenzi saba vya Kiswahili, na hakuna hata kimoja kilichochaguliwa kwa kupima maana ya run peke yake. Nyumba ya wageni, kwa kuwa ni biashara, ilitaka kuendesha. Udiwani, kwa kuwa ni cheo kinachoshindaniwa, ulitaka kugombea, na kuwania kungefaa vilevile. Kugombania kungekaribia, lakini neno hilo linabeba harufu ya ugomvi na lingemkosea adabu mgombea. Katika jenereta, kilichokuwa muhimu ni nishati yake, na Kiswahili huieleza kwa kutumia; kama sentensi ingehusu hali ya mashine kwa wakati ule, kwamba haikuzimwa, basi kufanya kazi au kunguruma kungechukua nafasi hiyo. Kijana alikuwa na haraka na mahali pa kufikia, hivyo kauli ya kutendea ikawa ya lazima, na barabara isiyosogea ikapewa kwenda. Mkutano nao ni jambo linalochukua muda, nalo huendelea.

Ikumbukwe kwamba njia hii ina mpaka wake. Inategemea kuwapo kwa sentensi, nayo hushindwa kabisa pale neno linapotolewa peke yake, kama inavyotokea mfasiri anapotumiwa orodha ya maneno ya vitufe vya programu za kompyuta na kukuta mstari wenye Run bila kiima wala yambwa. Endesha linafaa ikiwa kinachoanzishwa ni programu nzima. Tekeleza linafaa zaidi ikiwa ni amri moja au mfululizo wa amri, kwa kuwa kutekeleza ni kutimiza kilichoagizwa. Na ikiwa kitufe kimo katika programu ya mazoezi ya mwili inayopima mwendo wa mtumiaji, basi baada ya safari yote hii jibu ni lile la kwanza kamusini, Kimbia. Hakuna ustadi wa lugha unaoweza kuchagua kati ya hayo matatu kwa kulitazama neno lenyewe. Waandaaji wa programu wanaotaka zisomeke kwa Kiswahili wanaombwa wasiwatumie wafasiri maneno matupu. Kila kitufe kiandamane na picha ya ukurasa kinamokaa na maelezo ya kinachotokea kikibonyezwa.