Wimbo wa Zamu: Toka Makasia ya Mto Kongo Mpaka Sebene ya Saa Tisa ya Usiku

Wandugu, wengi wenu munajua hii hadithi sababu ni yenu pia. Nilimaliza lisansi ya agronomia, nikakaa miezi kumi na moja nyumbani, kisha kazi ya kwanza iliyotokea haikuwa ya shamba. Ilikuwa kazi ya zamu: kulinda depo ya mbegu ya mahindi hapa Lubumbashi, tangu saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi.

Juma la tatu nililala. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, ekuta masikioni yote mawili, nasikiliza rumba ya zamani ya polepole. Nilipoamka, kufuli ilikuwa chini na mifuko sita ya mbegu haikuwepo. Mufuko mumoja ulikuwa na kilo 25. Kwa mtu aliyesoma mambo yetu, kilo 25 ni hekta moja ya mahindi. Kwa hiyo nililala, na hekta sita za mutu fulani zikatembea usiku. Nilikatwa mushahara miezi mine.

Mzee niliyelinda naye, tuliyemwita Papa Zamu, hakunigombeza. Aliniuliza tu: «Mwanangu, ulikuwa unasikia wimbo gani?» Nikamuambia. Akacheka. «Ile ni ya kulalisha mutoto. Zamu iko na wimbo yake.»

Nilifikiri ni maneno ya wazee. Lakini nilipoanza kuuliza na kusoma, nikaona kwamba nyuma ya ile sentensi kuko historia ya kweli, na ndiyo nataka kuwaelezea leo.

Tuanzie mbali, kabla ya redio. Watu walioendesha mitumbwi mikubwa kwenye mto Kongo walikuwa na nyimbo za kasia. Mutu mumoja anaita, wengine wote wanaitikia, na kasia linaingia majini pamoja na jibu. Wapagazi waliobeba mizigo kati ya Matadi na Leopoldville, mbele ya reli kumalizika mwaka wa 1898, nao waliimba hivyo hivyo, mguu kwa mguu. Angalia vizuri ule wimbo ulifanya nini. Mwitaji alibadilisha maneno kila mara: anamcheka mukubwa, anataja kijiji kinachokaribia, anamutania mwenye kuchoka. Wale wengine walirudisha jibu lile lile. Kwa hiyo kichwa hakikupewa kazi ngumu, lakini hakikuachwa bure. Kulikuwa kila mara kitu kidogo cha kungojea.

Shida ya zamu na ya shofere ni kwamba hawana kasia. Mwili wao umekaa, macho peke yake ndiyo yanafanya kazi. Nyimbo za kazi zilishikana na mwendo wa mwili, na sisi tulipoingia katika kazi za kukaa usiku, wimbo ulibaki lakini mwendo ukapotea. Historia ya muziki wa usiku kwetu, kwa maoni yangu, ni historia ya kutafuta ule mwendo tena.

Hatua ya pili ilitokea hapa hapa Katanga. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mutu aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville (leo Likasi) kijana mumoja jina lake Jean Bosco Mwenda, na akamurekodi wimbo «Masanga». Mwenda alipiga gita kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada. Gumba linashika nyuzi nzito na kutembea sawasawa, kama mutu anayezunguka uwanja. Kidole cha shahada kinarukaruka juu, mara mbele ya gumba, mara nyuma yake. Sikio linasikia mapigo mawili yanayogombana bila kupigana. Wapiga gita wa wakati ule mara nyingi walikuwa na mwenzao wa kugonga chupa kwa pembeni, na ile sauti kali ya kioo ndiyo iliyoamusha watu katika nyumba za wafanyakazi, hata gita ikiwa ya chini.

Papa Zamu alikulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa migodi, baba yake akifanya posta ya usiku. Aliniambia kwamba wazee walipenda gita kavu kwa kazi ya usiku sababu «haikuulizi kitu». Nilikuja kuelewa neno hilo baadaye. Wimbo wenye hadithi unakuuliza. Chukua «Mario» ya Franco na TP OK Jazz, ya mwaka wa 1985. Ni kazi kubwa, lakini ni hadithi ndefu ya kijana anayeishi kwa pesa za mama mwenye kumuzidi umri, na ukiisikiliza unafuata kesi: nani ana haki, nani ana kosa. Zamu aliye katikati ya kesi ya Mario hasikii kufuli. Na kichwa kilichofuata kesi saa nzima kinachoka, kisha kinadai kulala.

Hatua ya tatu ni sebene. Katika rumba yetu, wimbo unaanza kwa maneno na polepole, kisha waimbaji wananyamaza na magita yanaingia katika sehemu ya kuchezesha. Zaiko Langa Langa, kundi la vijana lililozaliwa Kinshasa mwaka wa 1969, liliondoa tarumbeta na likapa magita na ngoma nafasi yote. Katika miaka ya 1970 mpiga ngoma wao Meridjo Belobi alileta mwendo wa kavasha, ule wa kugonga haraka na bila kukatika kwenye ngoma ndogo. Inasemwa kwamba mwendo huo ulitoka kwenye sauti ya magurudumu ya treni juu ya reli, na mutu yeyote aliyepanda treni atakubali kwamba inafanana. Ona jinsi tumerudi: kasia limepotea, lakini gurudumu limechukua nafasi yake. Kavasha ilivuka mipaka, mpaka bendi za Nairobi wakaipiga.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Zaiko wakaleta atalaku, mutu wa kupiga kelele juu ya sebene: anaita jina, anaamuru namna ya kucheza, anatikisa kisanduku cha mbegu au cha mawe madogo. Huyu ni nani kama siyo yule mwitaji wa mtumbwi? Magita yanazunguka mahali pamoja kama jibu la wapiga kasia, na juu yake sauti inakatakata bila wewe kujua itaanguka wapi. Ndiyo sababu sebene inaamusha. Sehemu inayorudia inapumzisha akili, na ule mwito usiotabirika unaizuia kuzima.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, namna Papa Zamu alivyonifundisha.

Kwanza, hakuanza na muziki saa ya kwanza. Mpaka saa sita ya usiku alikaa kimya. Mwili una saa yake, na usingizi mkali unakuja kati ya saa nane na saa kumi na moja ya usiku, wakati joto la mwili linashuka chini kabisa. Ukimaliza sebene zako zote saa nne, saa tisa sikio limekwisha kuzizoea na hazikusaidii tena.

Pili, aliweka nyimbo anazozijua. Wimbo mupya unavuta akili nzima. Ule unaoujua unaacha nafasi ya kusikia uwanja. Alikuwa na nyimbo saba au nane, na aliruka sehemu ya maneno ili aingie moja kwa moja kwenye sebene.

Tatu, aliukataza ekuta. Redio ndogo, mbali hatua kumi, sauti ya chini. Kipimo chake kilikuwa rahisi: ukitembea juu ya changarawe na husikii kiatu chako mwenyewe, sauti ni kubwa sana. Mwizi naye ana kiatu.

Nne, na hii ndiyo siri, sebene ikianza alisimama. Alizunguka depo na fimbo, akigonga kidogo kwenye bati la uzio kila hatua ya nne. Wimbo ukiisha, anakaa dakika kumi kimya, anasikiliza giza. Kisha wimbo mwingine. Alikuwa amerudisha kasia kwenye wimbo bila kujua neno lolote la historia.

Nilimufuata miezi saba. Sikulala tena kazini, ila usiku moja nilijifunza mwisho wa dawa hii. Mutoto wa dada ya Papa Zamu alikuwa shofere wa kamio kati ya Likasi na Lubumbashi, karibu kilometa 120, na nilipanda naye nikirudi kutoka matanga. Alikuwa ameamka tangu asubuhi ya jana. Kwenye kabini sebene ilikuwa inalia nguvu kabisa, na yeye anaimba. Karibu saa kumi ya usiku niliona ameacha kuimba. Kisha kamio ikaanza kuvuta kuelekea pembeni, na macho yake yalikuwa wazi. Nilimupiga bega. Akaniambia: «Hapana, mi sikulala.» Alikuwa anasema kweli kwa namna alivyojua. Usingizi wa sekunde tatu mwenyewe hausikii. Lakini kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, sekunde tatu ni metre karibu 67 bila mutu kwenye usukani.

Muziki unapambana na uchovu wa kukaa bure, ule wa kazi isiyo na kitu cha kufanya. Deni la usingizi haulilipi. Kwa mutu aliyekosa kulala, redio inasaidia dakika chache tu, kisha inakuwa kelele nyuma ya ndoto. Alama ni hizi: unaacha kuitikia mwito bila kujua, hukumbuki kijiji ulichopita, unapandisha sauti kila mara ili usikie kitu kile kile. Yule shofere alikuwa amepandisha sauti mara tatu. Tulisimama pembeni mahali pa kamio nyingine, akanywa kahawa, akalala dakika ishirini, nami nikabaki macho nje. Alipoamka, tulifika bila muziki wowote.

Leo sifanyi tena zamu, niko kwenye mashamba. Papa Zamu bado yuko kwenye ile depo. Nilimpigia simu juma lililopita, saa tisa ya usiku, nikijua hatalala. Nyuma ya sauti yake nilisikia redio kwa mbali, na fimbo ikigonga bati: moja, mbili, tatu, ta.