Masharti katika wasia: "Apewe akioa", "apewe akimaliza shule". Lini yanafaa na lini ni batili?

Alhamdulillah. Familia nyingi za Unguja na Pemba zina wazee waliokwenda bara kutafuta riziki wakaweka makazi huko. Mzee akifariki, wasia husomwa, na mara nyingi ndani yake mna masharti: huyu apewe akioa, yule akimaliza shule. Kabla ya kuuliza kama sharti ni zuri, ulizeni kwanza: je, anayepewa ni mrithi?

Fungu la mrithi halifungwi kwa sharti

Mafungu ya warithi ameyagawa Allah (S.W.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12. Baada ya mazishi, madeni na wasia halali kutolewa, mrithi anamiliki fungu lake kwa kule kufa kwa maiti tu. Maiti hana uwezo wa kulizuia, kulipunguza wala kulichelewesha.

Wasia wenyewe una mipaka miwili. Hauzidi thuluthi moja ya mali, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza Saad bin Abi Waqqas (R.A.), na haupewi mrithi ila warithi wengine waridhie baada ya kifo. Kwa hiyo sharti lina nafasi ndani ya thuluthi, kwa asiyerithi.

Mfano

Tuchukulie mzee amefariki Kilosa. Ameacha mke, mtoto wa kiume, binti, na mjukuu yatima ambaye baba yake alitangulia kufa. Mjukuu huyu harithi, kwa sababu ami yake yupo hai na anamzuia. Shamba la Kilosa, nyumba ya Mikumi na fedha taslimu, baada ya madeni, vina thamani ya shilingi 36,000,000. Wasia una vifungu vitatu.

*La kwanza:* mke akiolewa tena, anyang'anywe fungu lake katika nyumba ya Mikumi. Hili ni batili. Thumni yake ni mali yake, aolewe asiolewe.

*La pili:* binti apate urithi wake akikubali kuolewa na binamu yake. Hili nalo ni batili. Anapata fungu lake hata akimkataa binamu huyo.

*La tatu:* mjukuu apewe 12,000,000 akimaliza kidato cha nne. Hili ni sahihi. Si mrithi, kiasi ni thuluthi kamili, na jambo lenyewe ni halali.

Basi 12,000,000 zinatengwa na 24,000,000 zinagawiwa: mke 3,000,000, mtoto wa kiume 14,000,000, binti 7,000,000. Mjukuu asipotimiza sharti, zile zilizotengwa hurudi kwa warithi wale wale: mke 1,500,000, mtoto wa kiume 7,000,000, binti 3,500,000.

Sharti linalobatilika hata kwa asiyerithi

Sharti la maasia halitekelezwi. Mfano ni kumpa mpwa fedha kwa sharti amwache mkewe bila sababu, au akate udugu na nduguze. Je, zawadi yenyewe inabaki? Hapo mafakihi wametofautiana: wako wanaoangusha sharti na kuibakisha zawadi, na wako wanaoona vyote viwili vinaanguka. Msiamue wenyewe nyumbani. Pelekeni maneno ya wasia kama yalivyoandikwa kwa kadhi.

Ama sharti la kuoa tu, bila kumlazimisha mtu fulani, halina maasia ndani yake. Likiwekwa kwa asiyerithi, linafuatwa.

Panapoharibika

Masharti mengi halali huzua ugomvi kwa sababu ya maneno yake. "Kumaliza" ni kufika mwisho wa kidato cha nne, au ni kufaulu mtihani? Mpaka umri gani? Akiugua asiweze kusoma je? Nani anashika fedha? Wasia usiposema, fedha hukaa miaka na warithi hugombana. Anayeandika aseme wazi, kwa mfano: "Apewe akipata cheti cha kidato cha nne, kabla ya kutimiza miaka 22, asipopata, zirudi kwa warithi." Kisha ataje wasii na aweke mashahidi wawili waadilifu.

Mnakwenda wapi?

Mzee akifia Kilosa au Mikumi na mali iko huko, Mahakama ya Mwanzo inaweza kumteua msimamizi wa mirathi ya Muislamu na kufuata sheria ya Kiislamu. Msimamizi hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Humo aonyeshe fedha zilizotengwa kwa ajili ya sharti, zisije zikagawiwa kwa kusahaulika. Visiwani, mirathi na wasia wa Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi.

Wasia ukiwa na dhulma, Suratul-Baqara aya ya 182 inaruhusu kuusuluhisha, na anayesuluhisha hana dhambi. Warithi waliokwisha baleghe wanaweza pia kuridhia kwa hiari kutoa kutoka mafungu yao. Fungu la mtoto mdogo haliguswi kwa ridhaa ya mtu mwingine.

Wallahu aalam.