Kutenganisha nywele na mandharinyuma ya picha
Kutenganisha nywele na mandharinyuma ni kazi ya kuhariri picha ambapo mtu au mnyama huondolewa katika mandhari yake bila kupoteza nyuzi za ukingoni. Kwa kuwa unywele mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli moja, pikseli za ukingoni huchanganya rangi yake na rangi ya nyuma. Hivyo huhitajika kinyago chenye kijivu ukingoni, yaani pikseli zinazoonekana nusu.

Kwa mfano, paka mweusi akiwa mbele ya anga la buluu, chaneli ya buluu katika Photoshop huonyesha anga jeupe na manyoya meusi. Chaneli hiyo hunakiliwa, na nakala hugeuzwa kwa Invert ili paka awe mweupe. Kisha Levels hutumika hadi anga liwe jeusi, na sehemu za ndani ya paka hupakwa nyeupe kwa brashi. Nakala hiyo ndiyo hufanywa kinyago. Levels ikizidishwa, nyuzi hupotea na ukingo huonekana kama umekatwa kwa mkasi.

Kinyago hubadilisha uwazi tu, si rangi. Kwa hiyo ubuluu huweza kubaki ukingoni. Huondolewa kwa kupaka rangi ya manyoya juu ya pikseli hizo. Njia hii haifai pale manyoya na mandhari yanapolingana kwa mwanga katika chaneli zote tatu.