Asimptoti: mstari usioguswa au mstari unaokaribiwa?

Wiki hii hapa kampasi ni majaribio mfululizo, na kwenye vimbweta kuna ubishi ambao nimeona niuandike. Swali ni fupi tu: asimptoti ni nini? Wengi wanajibu kama walivyokariri kwenye desa, kwamba ni mstari ambao grafu inaukaribia lakini haiugusi kamwe. Kuna jamaa wa mwaka wa kwanza kajibu hivyohivyo, kapewa sifuri kati ya alama 4, sasa anazunguka anasema kaonewa.

Mimi nasema hajaonewa, ila pia hilo jibu hakulitunga yeye. Lina umri wa miaka kama 2200. Ukitaka kujua kwa nini limekosa alama, itabidi turudi nyuma kidogo, kwa mtu aliyelianzisha.

Mtu huyo ni Apollonius wa Perga, mji uliokuwa kusini mwa nchi ambayo leo ni Uturuki. Karibu mwaka 200 K.K. aliandika vitabu 8 kuhusu maumbo unayoyapata ukikata koni kwa bapa. Vitabu 4 vya mwanzo tunavyo kwa Kigiriki, vitatu vinavyofuata vimetufikia kwa sababu Waarabu walivitafsiri, na cha nane kimepotea. Cha pili ndicho kinachotuhusu, maana humo anashughulika na haipabola na ile mistari miwili inayoiongoza. Mistari hiyo aliiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya "isiyoangukiana", yaani isiyokutana na haipabola. Neno asimptoti limetoka hapo.

Sasa angalieni hapa, maana ndipo penye kiini cha yote. Kuhusu mistari hiyo Apollonius alithibitisha mambo mawili, siyo moja. La kwanza ni kwamba haikutani na haipabola. La pili, ambalo liko kwenye pendekezo la 14 la kitabu hichohicho, ni kwamba haipabola na mstari wake vikirefushwa bila mwisho vinazidi kukaribiana, mpaka umbali kati yao unakuwa mdogo kuliko umbali wowote utakaoutaja. Jina likatokana na jambo la kwanza. Hesabu ya leo imejengwa juu ya lile la pili. Jamaa yetu kakariri jina, hakukariri hesabu.

Kwa haipabola kosa hilo halionekani, kwa sababu mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Chukua y = 1/x. Haiugusi mstari y = 0, na inaukaribia utakavyo. Ukiishia kwenye mfano huu utaamini kwamba kutogusa ndiyo asimptoti yenyewe.

Aliyeharibu raha hiyo ni Isaac Newton. Mwaka 1704 alichapisha kitabu chake kuhusu mwanga, na mwishoni akaambatisha kazi fupi ya kuorodhesha mistari pinda yote yenye milinganyo ya kipeo cha tatu. Alihesabu aina 72 (waliokuja baadaye wakaongeza nyingine alizozikosa). Katika orodha hiyo alikuta mistari pinda inayokata asimptoti yake, inapita upande wa pili, halafu inaendelea kuikaribia. Hiyo aliipa jina linalotokana na nyoka, kwa vile inavyojipinda. Mmoja wa ukoo huo tunaweza kuuandika hivi:

y = x/(x² + 1)

Hii ni fanksheni wiano kamili, yaani polinomia juu ya polinomia. Ichore uone. Upande wa kushoto iko chini ya mhimili wa x, inashuka hadi −1/2 pale x = −1, inapanda na kuukata mhimili kwenye x = 0, inafika 1/2 pale x = 1, halafu inashuka taratibu kuelekea mhimili. Kwenye x = 100 thamani yake ni 100/10001, kama 0.01 hivi.

Je, y = 0 ni asimptoti ya mlalo? Kwa tafsiri ya desa siyo, kwa sababu grafu imeigusa pale kwenye 0. Kwa hoja ya pendekezo la 14 ndiyo, maana umbali unakuwa mdogo utakavyo. Inabidi uchague moja, na wanahesabu walichagua hii ya pili.

Ila kuchagua peke yake hakutoshi, lazima uweze kuthibitisha. Apollonius alithibitisha kwa jiometri ya haipabola, ambayo kwa nyoka wa Newton haisaidii. Kilichokuwa kinahitajika ni chombo kimoja kwa grafu zote, nacho ni kikomo. Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy alichapisha kitabu cha mafunzo kwa wanafunzi wa École Polytechnique ya Paris, na humo akaeleza kikomo hivi kwa maneno yangu: thamani zinazofuatana zikiisogelea namba moja maalumu hadi tofauti ikawa ndogo kadiri utakavyo, namba hiyo ndiyo kikomo chake. Baadaye katika karne hiyohiyo Karl Weierstrass, akifundisha Berlin, aliyaondoa maneno ya "kusogea" akabaki na namba tupu: wewe taja kosa unaloweza kuvumilia, mimi nikutajie kuanzia x ipi kosa halizidi hapo. Soma tena pendekezo la 14 uone kama siyo wazo lilelile, sema sasa lina mashine yake.

Tuijaribu mashine kwa nyoka. Gawanya juu na chini kwa x², unapata (1/x)/(1 + 1/x²). x ikikua bila mwisho, juu inaenda 0 na chini inaenda 1, kwa hiyo kikomo ni 0. Ukitaka namba kamili, kwa x chanya x/(x² + 1) ni ndogo kuliko 1/x. Ukinidai umbali chini ya 1/1000, nakujibu chukua x yoyote kuanzia 1000. Upande wa hasi ni vivyo hivyo. Kuguswa pale kwenye 0 hakujaulizwa popote, kwa sababu kikomo kinaangalia mwisho wa safari, hakiangalii ulipitia wapi.

Haya, sasa tuchukue moja ambayo ina mitego yote:

f(x) = (x³ + 2x² − 3x)/(x² − 1)

Anza na asimptoti za wima. Desa linasema tafuta panapofanya asili kuwa sifuri. Hapo unapata x = 1 na x = −1, na wengi wanachora mistari miwili ya wima wanasonga mbele. Subiri kwanza. Kiasi ni x(x + 3)(x − 1) na asili ni (x − 1)(x + 1). Kwa hiyo kila mahali isipokuwa x = 1, fanksheni yetu ni sawa na (x² + 3x)/(x + 1). Ukiisogelea 1, kikomo ni 4/2 = 2. Hakuna kinachopaa hapo, kuna tundu moja tu kwenye grafu, kwenye nukta (1, 2).

Pale kwenye −1 mambo ni tofauti. Juu inaenda −2, chini inaenda 0. Ukitokea kulia asili ni chanya ndogo sana, kwa hiyo f(x) inaporomoka kwenda −∞. Ukitokea kushoto asili ni hasi, kwa hiyo inapaa kwenda +∞. Asimptoti ya wima ni x = −1 peke yake, na ushahidi wake ni kikomo kwenda infiniti, siyo sifuri ya asili. Na ya wima kweli haiguswi na fanksheni wiano, kwa sababu fanksheni yenyewe haina thamani pale.

Sasa ya mshazari. Kipeo cha juu kimezidi cha chini kwa 1, kwa hiyo ya mlalo haipo, ya mshazari ipo. Njia ya mkato inayopendwa ni kusema x³/x² = x, basi mstari ni y = x. Tuulize kikomo: f(x) − x inaenda wapi? Gawanya kwa mgawanyo mrefu:

(x² + 3x)/(x + 1) = x + 2 − 2/(x + 1)

Kwa hiyo f(x) − x inaenda 2, haiendi 0. Grafu inakwenda sambamba na y = x ikiwa juu yake kwa karibu 2, milele. Asimptoti ni y = x + 2, maana f(x) − (x + 2) = −2/(x + 1), na hii inaenda 0 pande zote mbili. Kwenye x = 99 mstari unasoma 101 na grafu inasoma 100.98. Ukitaka tofauti chini ya 1/1000 upande wa kulia, nenda zaidi ya x = 1999.

Mgawanyo huo unakwambia pia kama mstari utakatwa. Grafu inagusa asimptoti ya mshazari au ya mlalo pale tu ambapo baki ni sifuri. Hapa baki ni −2, haliwi sifuri kamwe, kwa hiyo haiguswi. Kwa nyoka baki ni x yenyewe, kwa hiyo inakatwa mara moja pale kwenye 0. Na kwa kuwa baki ni polinomia yenye sifuri za kuhesabika, fanksheni wiano inaweza kuikata asimptoti yake mara chache tu kisha ikaacha.

Kama kipeo cha juu kinazidi cha chini kwa 2, kama kwenye y = (x³ + 1)/x, usitafute mshazari. Hiyo ni x² + 1/x, kwa hiyo inachofuata ni parabola, siyo mstari ulionyooka. Nayo imo kwenye orodha ya Newton, aliiita kwa jina la mkuki wa meno matatu. Asimptoti ya wima x = 0 inabaki palepale.

Kwa hiyo wadau, ukiulizwa kwenye karatasi, andika hivi: asimptoti ya mlalo au ya mshazari ni mstari ambao tofauti kati yake na grafu ina kikomo 0 pale x inapokwenda infiniti, na ya wima ni x = a ambapo thamani za fanksheni zinakwenda infiniti zikitokea angalau upande mmoja. Kugusa usikutaje. Apollonius aliyajua yote mawili, jina ndilo lililobeba moja tu.