Mbona Nyota ya Mapenzi Inanijua Hivi?

Kama umewahi kusomewa nyota ya mapenzi, hisia hii unaijua. Umekaa kwenye mkeka, au umeweka simu sikioni, na mtu ambaye hajawahi kukuona anakuambia: "Wewe ukipenda unapenda kweli, ila huonyeshi haraka, kwa sababu kuna mtu alikuumiza. Na kuna jambo la moyoni ambalo hata mwenzio hujamwambia." Mwili unasisimka. Huyu amejuaje?

Kupata hisia hiyo si ujinga. Wasomi wa chuo kikuu waliipata vilevile, na aliyewapima aliandika kila kitu. Nakusimulia ilivyokuwa, halafu utaamua mwenyewe.

Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya darasani kwake. Aliwapa wanafunzi 39 fomu ya kupima tabia, wakaijaza. Baada ya wiki moja kila mmoja alipokea karatasi yenye jina lake juu na maelezo ya tabia yake. Aliwaomba wayapime kwa alama kutoka 0 hadi 5: je, yamekuelezea sawasawa? Wastani ukatoka 4.26.

Kisha akaanza kuisoma karatasi moja kwa sauti, sentensi ya kwanza tu, akauliza nani amekuta kitu kama hicho kwenye yake. Mikono yote ikapanda. Darasa zima likaangua kicheko, maana sasa walikuwa wameelewa: wote 39 walikuwa wamepewa maelezo yaleyale. Fomu walizojaza hazikuwa na kazi yoyote. Sehemu kubwa ya sentensi hizo 13 Forer alikuwa amezitoa kwenye kitabu cha unajimu kilichokuwa kikiuzwa kwenye kibanda cha magazeti.

Zilisema nini? Kwamba unahitaji watu wakupende. Kwamba huwa unajilaumu. Kwamba wakati mwingine ni mchangamfu, na wakati mwingine unajifungia. Kwamba hata mambo ya mapenzi ya kimwili yamewahi kukupa shida. Hakuna uongo hapo. Shida ni kwamba ni kweli kwako, kwa jirani yako, na kwa dereva wa daladala uliyopanda asubuhi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Paul Meehl, akifuata kauli ya mwenzake Donald Paterson, aliyaita maelezo ya namna hii kwa jina la P. T. Barnum, mfanyabiashara maarufu wa maonyesho na sarakasi. Mpaka leo tunaiita athari ya Barnum.

Sasa rudi kwa yule msomaji wa nyota. "Kuna mtu alikuumiza." Nani amefika miaka 25 bila kuumizwa? "Kuna jambo hujamwambia mwenzio." Nani anamwambia mwenzake kila kitu? Kwenye mapenzi athari hii inakolea zaidi kwa sababu maumivu yetu tunayaficha. Kila mtu anadhani yake ni ya peke yake, kwa hiyo yakitajwa anaona siri yake imefunuliwa.

Lakini pengine utaniambia: "Mimi sikuambiwa maneno ya jumla. Walinihesabia kwa jina langu na la mama yangu." Hapo ndipo mtafiti C. R. Snyder alipochunguza mwaka 1974. Aliwapa watu maelezo yaleyale, ila akabadilisha maneno ya utangulizi. Kundi moja liliambiwa ni maelezo ya watu kwa jumla, lingine kwamba yametokana na mwaka na mwezi wa kuzaliwa, na la tatu kwamba yametokana na mwaka, mwezi na siku. Kadiri walivyoamini kwamba hesabu ilikuwa yao binafsi, ndivyo walivyoyaona maelezo kuwa sahihi zaidi. Yaani kule kuulizwa jina la mama peke yake kunatosha kukufanya usikie maneno yaleyale kwa sikio lingine.

Je, msomaji mwenyewe anadanganya? Si lazima. Ray Hyman, ambaye baadaye alikuwa profesa wa saikolojia, alisoma viganja vya watu kwa malipo akiwa kijana. Wateja walimsifu mpaka naye akaamini kabisa. Ndipo rafiki yake, Stanley Jaks, akamshauri ajaribu kuwaambia watu kinyume cha kile mistari ilichosema. Alifanya hivyo, na wateja wakaridhika vilevile. Kumbe sifa walizompa hazikuwa zikitoka kwenye mistari ya kiganja. Zilitoka kwa wateja wenyewe, waliojitafutia maana ndani ya maneno yake.

Namna tunavyojitafutia maana hiyo, Peter Wason aliionyesha London mwaka 1960. Aliwapa watu namba tatu, 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani. Kazi yao ilikuwa kutaja namba tatu nyingine, waambiwe kama zinafuata kanuni, mpaka waigundue. Wengi walidhani ni "ongeza mbili". Wakataja 8, 10, 12: sawa. Wakataja 20, 22, 24: sawa. Wakajibu kwa uhakika, wakakosa. Kanuni ilikuwa nyepesi tu: namba yoyote inayopanda. Angetaja mtu 1, 2, 9, akaambiwa nayo ni sawa, angejua mara moja kwamba wazo lake lina kasoro. Ila sisi hupenda kuuliza maswali ambayo jibu lake litatuunga mkono. Huu ndio upendeleo wa kuthibitisha.

Rafiki yangu mmoja aliambiwa kwamba karibu na mchumba wake kuna mwanamke ambaye jina lake linaanza na A au M. Aliporudi alianza kutafuta, na akapata: mfanyakazi mwenza aitwaye Mariamu. Kuanzia hapo kila simu ya Mariamu ikawa ushahidi. Siku ambazo mchumba aliwahi nyumbani hazikuhesabiwa. Uchumba ukavunjika. Hebu fungua orodha ya majina kwenye simu yako uhesabu: Asha, Amina, Anna, Aisha, Mwanahamisi, Mary, Maimuna... Ni mwanamume gani wa hapa kwetu asiye na A wala M karibu yake?

Utafiti huu hauthibitishi kwamba kila utabiri ni uongo. Unathibitisha kitu kidogo zaidi: ule msisimko wa "amenijua" si ushahidi, kwa sababu unakuja hata maneno yasipokuhusu. Ukitaka ushahidi, jaribu hivi. Watu watano msomewe nyota za mapenzi, kila mmoja yake, ila wenyewe msisikie maelezo yakitolewa. Mtu mwingine aandike maelezo yote kwa mwandiko mmoja, aondoe majina na chochote kinachomtambulisha mhusika, kama umri au mji, ayachanganye. Kisha kila mmoja achague lake. Kwa kubahatisha tu, kwa wastani mmoja kati ya watano atapatia. Kama nyota imesema jambo linalokuhusu wewe peke yako, mtafanya vizuri kuliko hapo, na mkirudia mara kadhaa mtaendelea kufanya vizuri.

Na kabla hujamwacha mtu kwa sababu ya alichosema mnajimu, jiulize swali ambalo rafiki yangu hakujiuliza: kama mwenzangu angekuwa mwaminifu kabisa, maneno haya yangekosea wapi? Ukikosa hata sehemu moja, basi maneno hayo hayajakuambia chochote kumhusu.